Kwa nini 2.72 haikukufikisha: ukubwa wa inveta zinazosukuma mzigo wa pF 10

*Shikamoo mwalimu. Nasomea elektroniki, mwaka wa nne. Mradi wangu ni chipu ndogo ya nm 180, volti 1.8. Nina ishara ya kuwezesha inayotakiwa ifike kwenye rejista 2,000, na mzigo wote pamoja na nyaya ni pF 10. Inveta ya kwanza haitakiwi kuzidi fF 10. Darasani tulifundishwa kila inveta iwe kubwa mara 2.72 ya iliyotangulia, nikapata inveta 7. Ila kwenye simulesheni mnyororo wa inveta 4 unakaribia kulingana na huo wa 7. Nimekosea wapi? Ishara nataka itoke bila kugeuzwa. Na hatua ya kwanza ikiwa NAND, hesabu inabadilika?*

Marahaba. Simulesheni yako inasema kweli. Hesabu ya darasani nayo ni sahihi, ila ni ya inveta isiyokuwepo: inveta isiyobeba chochote isipokuwa mzigo wa mbele yake. Inveta halisi hubeba pia mwili wake. Dreni za transista zake mbili zina kapasitansi, na kila ishara inapobadilika, hiyo nayo lazima ijazwe au imwagwe, hata kama mbele hakuna kitu. Jambo hilo moja ndilo linaloitoa 2.72 kwenye nafasi yake, na ndilo lililokufanya uone mnyororo mfupi ukilingana na mrefu.

Tuanze na kipimo. Sutherland na Sproull, walipoipa jina njia hii ya juhudi ya kimantiki mwaka 1991, waliamua kutohesabu kwa pikosekunde moja kwa moja. Walichukua muda mmoja wa msingi, tau, yaani muda ambao inveta ingetumia kusukuma inveta nyingine iliyo sawa nayo kama isingekuwa na mwili wa kubeba. Kwa kipimo hicho, ucheleweshaji wa inveta yoyote, ndogo au kubwa, ni huu:

```
d = h + p        (kwa tau)
h = C_mbele / C_yake
```

Hapa h ni juhudi ya kiumeme: kapasitansi inayosukumwa, gawanya kwa kapasitansi ya lango la inveta yenyewe. Na p ni ule mwili. Angalia kwamba p haibadiliki ukiikuza inveta. Ukiifanya kubwa mara kumi, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara kumi, na dreni zake nazo zinakua mara kumi, kwa hiyo muda wa kujibeba unabaki ule ule. Kwa inveta za kawaida p huwa karibu na 1, na kwa teknolojia yako nitachukua tau ya ps 15. Baadaye nitakuonyesha jinsi ya kuvipima mwenyewe, maana hutakiwi kuniamini kwa mdomo.

Sasa mnyororo. Una fF 10 mwanzoni na pF 10 mwishoni, uwiano wa 1,000. Tuuite F. Ukiweka hatua moja tu, h ni 1,000 na ucheleweshaji ni tau 1,001, yaani ns 15. Ukiweka hatua mbili, swali ni ile ya pili iwe kubwa kiasi gani. Tuiite kapasitansi yake x. Hatua ya kwanza inachukua x/10, ya pili inachukua 10,000/x. Ukiikuza x unaipunguzia kazi ya pili na kuiongezea ya kwanza. Jumla hizo mbili inakuwa ndogo kabisa pale zinapolingana, x ikiwa kipeuo cha pili cha 10 mara 10,000, yaani fF 316. Kila hatua inafanya kazi ya 31.6, na jumla pamoja na p mbili ni tau 65. Kutoka 1,001 hadi 65 kwa kuongeza inveta moja.

Hoja hiyo ya hatua mbili inatosha kwa mnyororo wowote, kwa sababu popote utakapokuta jirani wawili wasiolingana kwa juhudi, unaweza kurekebisha ukubwa wa yule wa pili ukapunguza muda. Kwa hiyo mnyororo wenye hatua N hufikia muda wake mdogo kabisa pale kila hatua inapobeba juhudi ile ile f, na f ni kipeuo cha N cha F:

```
f = F^(1/N)
D = N*f + N*p
```

Hapo ndipo njia yako na ya simulesheni zilipoachana. Kama p ni sifuri, D ni N mara f peke yake, na ukitafuta N inayoipunguza kabisa unapata f = 2.718. Jaeger aliionyesha 2.72 hiyo mwaka 1975, na imefundishwa tangu wakati huo kwa sababu inapendeza na inakumbukika. Lakini p ikiwepo, kila hatua unayoiongeza inakuja na ada yake. Hatua mpya inapunguza juhudi za wenzake, lakini na yenyewe inadai p ya kwake. Ukitafuta tena kiwango cha chini kabisa, sharti linakuwa hili:

```
p + f*(1 - ln f) = 0
```

Weka p = 0, inarudi 2.72. Weka p = 1, unapata 3.59. Weka p = 2, unapata 4.32. Kadiri mwili unavyokuwa mzito ndivyo inavyofaa kuwa na hatua chache zenye kazi kubwa zaidi. Hii ndiyo sababu wabunifu wengi hushika 4 kama namba ya mkononi, na ndiyo sababu kipimo cha FO4, inveta moja inayosukuma nne zilizo sawa nayo, kimeenea kama rula ya kulinganishia kasi ya teknolojia moja na nyingine. Kwa p ya 1, FO4 moja ni tau 5, kwako kama ps 75.

Sasa tuiweke saketi yako mezani. Nimeihesabu kwa F = 1,000, p = 1. Safu ya mwisho ni jumla ya kapasitansi za malango yote ya mnyororo, ambayo nitaihitaji punde.

```
N     f       D (tau)    malango (pF)
3   10.00     33.0          1.1
4    5.62     26.5          2.2
5    3.98     24.9          3.4
6    3.16     25.0          4.6
7    2.68     25.8          5.9
```

Soma safu ya D polepole. Hatua 7 zako ni tau 25.8. Hatua 4 ni tau 26.5. Tofauti ni tau 0.7, kama ps 10 kwenye jumla ya karibu ps 390. Ndicho ulichokiona. Na muda mdogo kabisa ni wa hatua 5, lakini 6 iko nyuma yake kwa chembe tu. Mstari huu ukiuchora ni kama bakuli pana lenye kitako bapa: ukitoka 5 kwenda kulia au kushoto, unatembea sana kabla hujaanza kupanda. Upande wa kushoto, chini ya 4, ndiko kuna mteremko mkali. Hatua 3 inakugharimu tau 33, na 2 ni 65.

Kwa hiyo hakuna sehemu ulikokosea kuhesabu. Ulichokikosa ni kwamba ukiwa chini ya bakuli bapa, muda si kigezo tena cha kuchagulia. Vigezo vingine ndivyo vinavyoamua, na hapo hatua 7 inashindwa vibaya.

Kigezo cha kwanza umekitaja mwenyewe: ishara isigeuzwe. Hatua 7 ni witiri, inageuza. Vivyo hivyo 5. Unabaki na 4 au 6.

Kigezo cha pili ni nishati, na hiki nakiweka mbele kuliko wengi wanavyokiweka. Rudi kwenye safu ya mwisho. Mnyororo wa hatua 7 una pF 5.9 za malango. Kwa kuwa p ni 1, dreni zake nazo zina kiasi kinachokaribia hicho hicho. Jumla ni karibu pF 12. Yaani mnyororo wenyewe ni mzito kuliko mzigo ulioutuma uubebe! Kila ishara inapopanda na kushuka mara moja kwa volti 1.8, unatumia karibu pJ 71, na kati ya hizo ni 32 tu zinazokwenda kwenye rejista na nyaya zake. Mnyororo wa hatua 4 unatumia kama pJ 46 kwa kazi ile ile. Ule wa 6 unatumia 62.

Ningekuwa mimi, ningechukua 4 bila kusita. Unapoteza tau 1.5 ukilinganisha na 6, kama ps 23, na unaokoa robo ya nishati pamoja na zaidi ya nusu ya eneo la mnyororo. Ningekwenda 6 pale tu ambapo ripoti ya muda inaonyesha njia hii hii imepungukiwa na ps 20, na nimeshatafuta kwingine kote nikazikosa.

Ukubwa unaupata kwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Anza na mzigo, pF 10, gawanya kwa 5.62: hatua ya nne ina lango la fF 1,778. Gawanya tena: ya tatu, fF 316. Tena: ya pili, fF 56. Tena: ya kwanza, fF 10, na hapo ndipo unapojua hesabu imefunga. Kama mwisho wake haukutoa fF 10, kuna mahali umeteleza. Kurudi nyuma hivi kuna faida kuliko kwenda mbele, kwa sababu ukikutana na waya mrefu kati ya hatua mbili unaujumlisha kwenye mzigo kabla hujagawanya, na hesabu inaendelea.

Inveta yako ya kwanza ikiwa na transista ya N ya µm 2 na ya P ya µm 4, basi ya pili ni 11 na 22, ya tatu 63 na 126, ya nne 356 na 711. Usihangaike na desimali. Tuseme maktaba yako haina inveta ya hatua ya tatu yenye fF 316, ina ya 395 tu, kubwa kwa robo. Hatua ya pili sasa inafanya kazi ya 7.0 na ya tatu 4.5. Jumla 11.5 badala ya 11.25. Umepoteza tau 0.28, ps 4. Hata ukikosea kwa mara 1.4, hasara ni tau 0.64. Bakuli bapa lile lile, limeonekana upande mwingine. Maktaba zinazopanda 1, 2, 4, 8, 16 zinatosha kabisa, na mtu anayekaa usiku kucha akitafuta upana wa µm 63.25 anapoteza usingizi wake bure.

Sasa kupima tau na p. Jenga mnyororo wa inveta tano, kila moja kubwa mara h ya iliyo nyuma yake, na upime ya tatu peke yake. Mbili za kwanza zipo ili ishara inayoingia kwenye ya tatu iwe na mwinuko wa kawaida, maana ukiisukuma moja kwa moja kwa chanzo cha simulesheni kinachoruka kwa ps 1, utapata kasi ambayo chipu haitaiona kamwe. Ya nne ni mzigo, na ya tano ni mzigo wa mzigo, ili ya nne ibadilike kama inavyobadilika kazini. Chukua wastani wa kupanda na kushuka, kwenye nusu ya volteji. Rudia kwa h ya 2, 4, 6 na 8. Chora nukta. Zikija 45, 75, 105 na 135, mstari unapanda ps 15 kwa kila h moja: hiyo ndiyo tau. Urefushe mstari hadi h ya sifuri, unakata kwenye ps 15: hiyo ni p mara tau, kwa hiyo p ni 1. Za kwako hazitanyooka hivi, lakini zikipinda sana, angalia kwanza mwinuko wa ishara inayoingia.

Hapa pana shimo ambalo nimewahi kutumbukia mwenyewe. Nilipoanza kazi nilipima hivi hivi, nikapata p ndogo sana, chini ya 0.3, na kwa p hiyo jibu linasogea kabisa kuelekea 2.72. Nilifurahi kuona kitabu na simulesheni vimekubaliana. Nikapanga mnyororo mrefu. Baada ya kuchora tabaka za chipu na kutoa kapasitansi halisi kutoka kwenye mchoro, ucheleweshaji ulipanda kwa karibu theluthi. Kosa lilikuwa kwenye mistari ya transista. Niliandika W na L tu, sikuandika eneo na mzunguko wa dreni na sosi. Kwenye modeli nyingi, usipovitaja hivyo, simulesheni inachukulia kwamba makutano ya dreni hayana kapasitansi. Kinachobaki ni ule mpishano wa lango na dreni peke yake. Inveta zangu hazikuwa na mwili. Mistari ilitakiwa iwe hivi:

```
Mn y a 0   0   nmos W=2u L=0.18u AD=0.96p PD=4.96u AS=0.96p PS=4.96u
Mp y a vdd vdd pmos W=4u L=0.18u AD=1.92p PD=8.96u AS=1.92p PS=8.96u
```

Eneo hapo ni upana mara µm 0.48, urefu wa dreni iliyo peke yake, na mzunguko ni jumla ya pande zote nne. Kwa hiyo mstari wako ukikata karibu na sifuri, usishangilie. Fungua faili uangalie AD na PD kwanza.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Hatua yako ya nne, yenye µm 711 za P, huwezi kuichora kama transista moja ndefu. Utaikunja iwe vidole vingi, tuseme vya µm 10 kila kimoja, na vidole viwili jirani vinagawana dreni moja. Dreni inayogawanywa ina kapasitansi ndogo kwa kila µm kuliko iliyo peke yake, kwa hiyo inveta kubwa iliyokunjwa vizuri ina p ndogo kuliko ile ndogo uliyoipima. Pima p kwenye inveta iliyokunjwa kama utakavyoichora, si kwenye ile ya µm 2. Na usivifanye vidole kuwa virefu mno, kwa kuwa polisilikoni ya lango ina ukinzani wake, na ncha ya mbali ya kidole itachelewa kuamka.

Mambo mawili hayamo kwenye fomula kabisa, na kwa mzigo wako yote mawili yanakuhusu.

La kwanza ni mkondo. Kuijaza pF 10 hadi volti 1.8 kunahitaji pC 18 za chaji. Hatua ya nne inafanya hivyo kwa muda wa ps 200 hivi, kwa hiyo mkondo wa wastani ni mA 90, na kileleni ni zaidi. Ukinzani wa ohm 2 tu kwenye njia ya umeme ndani ya chipu unakula volti 0.18, sehemu ya kumi ya volteji yote, wakati ule ule inveta inapoihitaji. Simulesheni yenye chanzo kamilifu haitakuonyesha. Weka kikinza cha ohm 2 na koili ya nH 1 kati ya chanzo na vdd ya mnyororo, na vingine kama hivyo upande wa ardhi, uendeshe tena. Ukiona D imeongezeka sana au vdd inacheza kama uzi uliopigwa, tatizo lako si saizi za inveta. Unahitaji nyaya pana za umeme na kapasita za akiba kando ya hatua ya nne. Na kama siku moja mzigo wa pF 10 utakuwa nje ya chipu, kwenye pini, usitafute muda mdogo kabisa hata kidogo. Waya wa kuunganishia una kama nH 1 kwa kila milimita, na mruko wa mA 90 kwa ps 100 kupitia milimita tatu ungedai volti 2.7, zaidi ya volteji yenyewe. Madereva ya pini hupunguzwa kasi kwa makusudi.

La pili ni ukinzani wa waya. Tangu mwanzo nimeichukulia pF 10 kama ndoo moja iliyo mlangoni pa hatua ya nne. Lakini waya wa ndani ya chipu una kama fF 0.2 kwa kila µm, na rejista 2,000 zenye fF 2 kila moja ni pF 4, kwa hiyo nyingine 6 katika mzigo wako ni waya, kama milimita 30 kwa jumla. Tawi moja la milimita 3, lenye upana wa µm 0.3 na ukinzani wa ohm 0.08 kwa mraba, lina ohm 800 na pF 0.6. Waya huo peke yake, hata bila rejista, unachelewesha kama ps 180. Hiyo ni karibu nusu ya mnyororo wako wote, na hakuna saizi ya inveta itakayoiondoa. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukilinganisha muda kwenye dreni ya hatua ya nne na muda kwenye rejista ya mbali kabisa, pengo linabaki lile lile hata ukiikuza inveta mara mbili.

Dawa yake ni kuikata hatua ya nne vipande, tuseme vinne vya fF 445 kila kimoja, na kukiweka kila kipande karibu na rejista zake 500. Juhudi haibadiliki, maana hatua ya tatu inaona jumla ile ile ya fF 1,778. Kinachoongezeka ni waya kati ya hatua ya tatu na vipande vyake, na huo, kama nilivyosema, unaujumlisha kwenye mzigo wa hatua ya tatu kabla ya kugawanya. Ukiwa na milimita 4 za waya hapo, ni fF 800 zaidi, si kidogo. Ipe hatua ya tatu upana zaidi, halafu gawa upya juhudi kati ya ya pili na ya tatu hadi zilingane. Waya mrefu katikati ya mnyororo unavunja ule ulinganifu mzuri wa hatua zote kuwa na f moja, kwa kuwa waya haukui unapoikuza inveta. Utazunguka mara mbili au tatu kwa mkono kabla namba hazijatulia.

Sasa NAND. Hapa ndipo jina la juhudi ya kimantiki linapopata maana yake, kwani kwa inveta thamani yake ni 1 na ilikuwa imejificha. Inveta ya kulinganishia ina N ya 1 na P ya 2: jumla 3 kwenye lango. NAND ya maingizo mawili ina transista mbili za N zikiwa zimefuatana, kwa hiyo ili zisukume sawa na N moja ya inveta, kila moja lazima iwe na upana wa 2. Za P ziko sambamba, zinabaki 2. Kila ingizo lina 4. Kwa nguvu ile ile ya kutoa, NAND inamlemea aliye nyuma yake kwa 4 badala ya 3, na uwiano huo, 4/3, ndio juhudi yake ya kimantiki, g. Dreni zake nazo ni nyingi zaidi, kwa hiyo p yake ni kama 2.

Hesabu ni ile ile, ila F inazidishwa kwa g za hatua zote:

```
F = 1000 * 4/3 = 1333
f = 1333^(1/4) = 6.04
D = 4*6.04 + (2 + 1 + 1 + 1) = 29.2
```

Hiyo ni NAND ikifuatwa na inveta tatu, inayokupa AND bila kugeuzwa. Rudi nyuma tena: 10,000 gawanya kwa 6.04 ni 1,655, halafu 274, halafu 45. Kwenye NAND yenyewe lazima uzidishe kwa g kabla ya kugawanya: 45.3 mara 4/3, gawanya kwa 6.04, unapata fF 10. Imefunga. Angalia NAND inasukuma mzigo wa mara 4.5 tu ya lango lake, wakati inveta zinasukuma 6. Wengi hukosea hapo kwa kuipa NAND uwiano sawa na inveta, kisha wanashangaa kwa nini hatua ya kwanza ndiyo inayochelewa. Kinachosawazishwa ni juhudi yote, g mara h, si h peke yake.

Kwa NAND na inveta tano, hatua sita, D inashuka hadi 26.9. Tofauti sasa ni tau 2.3, kama ps 35. Mimi bado ningeanza na nne, niendeshe simulesheni nikiwa na AD, PD, ohm 2 na nyaya zote ndani, kisha niangalie kama hizo ps 35 zinatafutwa kweli.